Mwalimu Sifuri na Neno Bado

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sifuri, na hawakumwonea. Kwa miaka sita aliyofundisha kuandika programu katika chumba cha kompyuta cha chuo kile kidogo, hakuna sentensi aliyoirudia kama hii: "Jumla yoyote ianze na sifuri." Aliisema kwa sauti yake ndogo, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa na koo, na kabla hajafika mwisho wale wa viti vya nyuma walikuwa wameshammalizia: "...na sifuriii!" Naye hucheka kidogo, akageukia ubao, masikio yakimchoma kwa haya.

Haya alizaliwa nayo. Utotoni, wageni walipobisha hodi, yeye alijificha nyuma ya kabati na kitabu, na akitafutwa hupatikana amefika sura ya tatu. Mama yao alimwita Bibi Kitabu. "Huyu nyumba ikiungua," alikuwa akiwaambia wateja wake, "atatuuliza kwanza kama tumeona ukurasa wake."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sebuleni, mlango ukiwa wazi, na hakuna kitambaa kilichopita mikononi mwake kikaachwa kiende bure. Bintiye alipopata kazi chuoni na kulalamika kwamba vumbi linaziua kompyuta, Mama aliuliza vipimo. Baada ya wiki mbili akamkabidhi furushi: vifuniko ishirini, kila kimoja kwa kipimo chake, vimeshonwa kwa masalia. Kimoja cha maua, kimoja cha mistari ya sare za shule, kimoja cheupe chenye kung'aa, kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi aliyebadili mawazo siku nne kabla ya harusi. Kompyuta iliyovaa hicho wanafunzi waliiita Bi Harusi, na ndiyo iliyokuwa ikigoma kuliko zote.

Siku moja Mama alikuja chuoni kuleta funguo, akasimama mlangoni kusikiliza. Baadaye akauliza, "Hicho kitanzi ulichokuwa unawafundisha ni nini? Mnawafundisha watoto wa watu kujinyonga?"

"Hapana, Mama. Kitanzi ni pale unapoiambia kompyuta irudie kazi. Kama wewe na vifungo. Kwa kila kifungo: tia sindano, vuta uzi, kata. Halafu kifungo kinachofuata, hivyo hivyo, mpaka viishe."

"Basi mimi nimeishi kwenye kitanzi miaka thelathini," alisema Mama, "na bado napumua."

Baada ya Bibi Kitabu alizaliwa mwingine, lakini miaka kumi ilipita katikati, na huyo alikuja akiwa na maneno ya wote wawili. Alifungua redio ya nyumbani akiwa na miaka saba kuona nani anasema humo ndani. Mama akamwita Mhandisi, jina likamganda. Alipofika mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta katika chuo kingine, alikuwa akimpigia dada yake simu kila mara, bila salamu, akidakia katikati ya mawazo yake.

"Dada, jumla lazima ianze na sifuri, siyo?"

"Ndiyo. Daima."

"Haya, asante, Mwalimu Sifuri!" Na simu imekatwa.

Simu hiyo ndogo, ya sekunde kumi, ndiyo ambayo dada mkubwa angekuja kuikumbuka neno kwa neno.

*

Moyo wa Mama ulianza kuchoka mwaka uliotangulia simu hiyo. Daktari alikuwa mwanamke mpole aliyechora moyo kwenye karatasi, akaeleza kwamba pampu ikidhoofika maji hubaki mwilini, hushuka miguuni, hupanda mapafuni. Dawa zilikuwa nne. Na sharti lilikuwa moja: vinywaji vyote vya siku, maji, chai, uji, supu, visizidi lita moja na nusu.

"Lita moja na nusu!" Mama alisema njiani kurudi. "Hata pasi yangu ya mvuke inakunywa zaidi."

Lakini alikuwa fundi; kupima ndiyo kazi yake. Akachukua kopo lake la vifungo, akatenga kumi na vitano vyeusi, vyote vya aina moja, vingine akavihamishia kwenye droo ya cherehani. Kila kifungo mililita mia. Asubuhi vilikaa kwenye sahani upande wa kushoto wa cherehani. Akinywa kikombe cha mia mbili, vifungo viwili vinahamia ndani ya kopo, upande wa kulia. Supu ya mia tatu, vitatu. Sahani ikibaki tupu, basi, hata ulimi ukiwa mkavu kama ubao. Kesho yake asubuhi, kabla hajanywa chochote, anamwaga kopo, vifungo vinarudi kwenye sahani, siku inaanza upya.

Kwa miezi mitano vifungo havikumwangusha. Mhandisi ndiye aliyeviona havifai. Mara kimoja kikaviringika chini ya kabati, mara mteja akakiokota akidhani ni cha koti lake.

"Mama, tuko zama gani? Nitakuandikia programu. Unaingiza kiasi, simu inakuhesabia."

"Inihesabie, halafu mimi nifanye nini? Nicheze?"

"Ushone, Mama."

"Sawa. Ila sitaki minamba. Nikitaka namba nitatafuta miwani, nikitafuta miwani nitakuwa nimesahau kiu. Iniambie neno moja tu. Kama bado nina nafasi, iseme bado. Kama zimeisha, iseme basi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwenye simu ya zamani iliyowekwa sebuleni, neno moja lilijaa kioo kizima: BADO au BASI.

Jumapili moja Mhandisi alimletea dada yake ile simu akague. Dada alikuwa kitandani na kitabu kinene, amefika pale ambapo mtu hawezi kukiacha. Hakukiacha. Aliingiza kidole cha mkono wa kushoto kati ya kurasa, kitabu kikajifunga juu ya kidole, na kwa mkono wa kulia akajaribu programu. Aliandika mia mbili. Kioo kikasema BADO. Akafuta, akaandika elfu mbili. Kioo kikasema BASI.

"Iko sawa," alisema.

"Hutaki kuangalia nilivyoiandika?"

"Inafanya kazi, Mhandisi. Hongera."

Kidole hakikutoka kitabuni.

Wiki ileile Mama alivirudisha vifungo kwenye kopo, akafunga kifuniko.

Zilikuwa siku za raha, hizo. Mama alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye cherehani, "Mhandisi, mia tatu, supu!" na kama Mhandisi yuko chuoni, anaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, akiminya kioo kana kwamba ni mlango wa jirani. BADO, simu ilisema. Alinywa. BADO. "Hii mashine inanipenda kuliko daktari," alikuwa akisema. Alikunywa chai ya saa nne, ambayo alikuwa ameisahau kwa miezi. Alikuwa akiimba kidogo anaposhona. Miguu ilipoanza kuvimba aliteremsha gauni, akasema ni kwa ajili ya kukaa sana. Dada mkubwa alimwuliza mara moja, "Mama, huzidishi maji kweli?"

"Muulize mhandisi wako. Simu yake husema: bado, Mama, bado."

Siku ya thelathini na nane, zikiwa zimebaki wiki mbili arudi kliniki, Mama alikunywa uji, akanywa chai yake ya saa nne, na kabla ya adhuhuri alilaza kichwa kwenye meza ya cherehani kama mtu anayesikiliza kitambaa. Hospitalini walisema maji yalijaa mapafuni. Moyo ulikuwa umechoka sana, walisema, ungesimama tu.

*

Wiki sita zilipita. Vitu vya Mama viligawanywa bila ugomvi, maana havikuwa vingi. Mhandisi alichukua mkasi mkubwa. Dada alichukua kopo la vifungo, akalipeleka chuoni na kuliweka mezani kwake, karibu na kalamu za ubao. Hakulifungua. Alipenda tu kulisikia likilia kidogo kila mlango ulipobamizwa.

Mhandisi alifika Alhamisi, saa tisa alasiri, darasa likiwa limetoka. Dada alikuwa akizivisha kompyuta vifuniko vyake. Mdogo wake aliingia na mkoba begani, amekonda, lakini macho yake yalikuwa na ule mwanga wa zamani, mwanga wa redio iliyofunguliwa.

"Acha hiyo moja wazi, Dada. Nina shida."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, nina shida." Akavuta kiti. "Jumatatu nawasilisha mradi wangu wa mwaka. Nimeamua iwe ile programu ya Mama. Nataka nionyeshe chati, siku zote thelathini na nane, jumla ya kila siku, nguzo moja kwa siku moja. Na chini niandike jina lake. Si kwa ajili ya alama. Nataka wamwone. Wamwone alivyojitahidi."

"Ni vizuri," dada alisema, akakaa.

"Ni vizuri, ila jumla zinatoka upuuzi. Tazama."

Chati ilifunguka. Ilikuwa kama ukuta mfupi: nguzo thelathini na saba zenye kimo kimoja, mia moja, mia moja, mia moja, na ya mwisho tu ndiyo imechomoza.

"Eti Mama alikuwa anakunywa mililita mia kwa siku!" Mhandisi alisema. "Ndege tu ndiye anaweza. Nimehangaika siku tatu. Nimeandika upya sehemu ya kuchora. Nimehakiki kumbukumbu zote, vikombe vyote vipo, kila kimoja na saa yake. Nimebadili vipimo. Nimezima nimewasha. Bado jumla ni ileile, mbovu vilevile. Tatizo liko kwenye kuchora, najua, lakini wapi?"

Dada alisogeza kiti. Safari hii alisoma. Ilikuwa programu fupi, safi, majina yote kwa lugha ya nyumbani, na alishuka nayo mstari kwa mstari kama inavyopaswa:

kwa kila kikombe katika siku:
    jumla = 0
    jumla = jumla + kikombe

Macho yake yalisimama hapo.

Kuchora hakukuwa na kosa lolote. Nguzo zilionyesha kwa uaminifu kile zilichopewa. Na chini ya mistari ile mitatu palikuwa na mingine miwili, ya zamani, ambayo haikuguswa tangu ile Jumapili: kama jumla imezidi elfu moja na mia tano, sema basi; vinginevyo, sema bado.

Alihisi baridi kwenye kidole cha mkono wa kushoto, kilekile kilichokuwa kitabuni.

"Umeliona?" Mhandisi aliuliza.

Angeweza kusema hapana. Hilo alilijua vizuri, na alilijua kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kulisoma hapa. Mstari mmoja tu: angesema nipishe kidogo, angeukata, angeubandika juu ya kitanzi, nguzo zingesimama, na mtoto angemshukuru na kwenda zake. Chati yenyewe ingeonyesha siku zilizopita kipimo, lakini angetafuta la kusema.

"Nipishe nirekebishe," alisema.

"Aka!" Mhandisi aliweka kiganja juu ya kibodi. "Usinirekebishie. Nieleze. Jumatatu wataniuliza, na wewe hutakuwepo kuninong'oneza."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama alikuwa akiusema msemo huo kila alipomtoa mtoto wa jirani mwiba. Dada mkubwa alitazama pembeni, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, mkono wake ulitafuta kitu cha kuelezea. Ukapata kopo. Alikuwa ameshafungua kifuniko kabla hajafikiri ni kopo gani.

"Hili kopo ni jumla," alisema. Sauti ilikuwa ya darasani, na aliishikilia hiyo. "Vifungo ndivyo vinywaji. Kila kimoja mia. Siku ina vikombe vitatu: mia mbili, mia tatu, mia moja. Wewe ndiye kompyuta. Fanya ninachokwambia, usiongeze akili yako."

Alimimina vifungo vyote mezani, akabaki na kopo tupu.

"Kikombe cha kwanza. Mstari unasema: jumla iwe sifuri."

"Mwaga kopo. Liko tupu tayari."

"Mwaga hata hivyo. Mstari wa pili: ongeza kikombe."

Mhandisi alitia vifungo viwili. Tik, tik.

"Kikombe cha pili. Rudi juu ya kitanzi. Mstari wa kwanza unasema nini?"

"Jumla iwe..." Alisita. "Mwaga kopo?"

"Mwaga."

Vifungo viwili vilianguka mezani. Mhandisi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Ah! Mpumbavu mimi. Halafu natia vitatu. Halafu kikombe cha tatu, namwaga tena, natia kimoja. Mwisho wa siku kopo lina kimoja tu. Mia moja. Kile cha mwisho!"

"Cha mwisho."

"Maji ya kumezea dawa za usiku! Ndiyo maana zote ni mia!" Alipiga paja. "Na siku ile ya mwisho hakufika usiku, ndiyo maana..." Aliiacha sentensi hiyo, akaizunguka. "Lakini Dada, jumla si lazima ianze na sifuri? Ulisema daima."

"Ianze. Mara moja. Nje ya kitanzi, kabla ya kikombe cha kwanza. Asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe hukimwagi kila unapotia haba." Akasogeza kopo. "Nilikwambia ianze na sifuri. Sikukwambia wapi."

"Mwaga asubuhi, halafu usiguse mpaka kesho." Mhandisi alikuwa ameanza kupanga vifungo vyeusi kwa mstari, bila kufikiri, kutoka kushoto kwenda kulia. "Ni kama Mama alivyokuwa..."

Mkono ulisimama.

Nje, mtu alikuwa akiburuta viti kwenye baraza. Kimoja, kingine, kingine. Dada alivihesabu, kwa sababu hakuweza kumtazama mdogo wake.

"Dada."

"Naam."

"Ile sehemu ya bado na basi. Inasoma jumla ipi?"

Dada aligeuza kifuniko cha kopo mkononi.

"Ni hii hii," Mhandisi alisema mwenyewe. Alivuta kompyuta karibu, akashuka kwa kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza kama mtoto anayejifunza kusoma. "Jumla ni kikombe cha mwisho. Kikombe hakiwezi kufika elfu moja na mia tano. Kwa hiyo hata angekunywa..." Kidole kikarudi juu. "Hata angekunywa pipa, kikombe kwa kikombe, ingesema bado."

"Ndiyo."

"Alikuwa anaiuliza."

"Ndiyo."

"Alikuwa ananiuliza *mimi*, Dada. Nikamwambia acha vifungo. Vifungo vilikuwa sahihi. Fundi cherehani alikuwa sahihi, mhandisi ndiye..."

"Nisikilize." Dada mkubwa hakuwahi kumkatiza mtu maishani mwake, na sasa sauti ilimtoka kubwa hata yeye ikamshtua. "Uliniletea nikague. Unakumbuka? Niliandika mia mbili, ikasema bado. Nikafuta, nikaandika elfu mbili, ikasema basi. Kikombe kimoja kimoja. Kwa kikombe kimoja programu hii haikosei kamwe. Unamwaga kopo ambalo tayari ni tupu. Kosa linaonekana kwenye kikombe cha pili. Ningeandika viwili tu. Elfu moja, halafu elfu moja. Kila mwaka nawaambia wanafunzi: kitanzi hakijaribiwi kwa mzunguko mmoja. Nimewakata alama kwa hilo."

"Kwa nini hukuandika?"

"Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasoma nini?"

"Hadithi."

Mhandisi alimtazama, macho makavu. Dada alingojea atukanwe, alitamani atukanwe. Lakini yule msichana ambaye hakuwahi kukosa neno aliuliza tu, polepole, "Iliishaje?"

"Sijui. Sikuimaliza."

Hapo ndipo mdogo alipolia. Hakulia kama msibani, ambako alilia kwa sauti na watu wakamshika. Alilia ameinamia kibodi, mabega yakiruka, na herufi moja ikajiandika mfululizo kwenye kioo chini ya kidole kilichosahaulika, mstari baada ya mstari, mpaka dada akakiondoa kidole hicho na kukishika.

"Ni mimi niliyemuua?"

"Daktari alisema moyo ungesimama tu."

"Hilo si jibu."

"Sina jibu jingine." Alikuwa amelitafuta. "Pengine maji yalimharakisha. Pengine wiki, pengine miezi. Hakuna anayeweza kuhesabu hilo, Mhandisi. Ningejua ningekwambia. Leo nisingekuficha."

"Usiniite hivyo."

"Sawa."

Alitaka kuongeza kwamba Mama alikuwa na raha siku zile, kwamba alirudiwa na chai yake ya saa nne, kwamba aliimba. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliona jinsi yangesikika, kama kifuniko kizuri kilichoshonwa juu ya mashine iliyokufa, akayaacha.

Kisha mdogo wake alijifuta uso kwa kiganja. Alifuta zile herufi zilizojaa. Halafu, bila kuambiwa, aliuchukua ule mstari, akautoa ndani ya kitanzi, akauweka juu yake, pembeni kabisa, mahali pake:

jumla = 0
kwa kila kikombe katika siku:
    jumla = jumla + kikombe

"Hivi?"

"Hivi."

"Mstari mmoja."

"Mmoja."

"Usiiendeshe," dada alisema, maana aliona kidole kinakwenda wapi. "Si leo."

"Jumatatu wataiendesha mbele yangu. Niione kwanza na wewe." Akabonyeza.

Hakuomba chati. Aliomba yale maneno, siku kwa siku, na yakateremka kwenye kioo kwa herufi kubwa alizochagua mwenyewe ili Mama asitafute miwani. Siku ya kwanza: BADO. Ya pili: BADO. Siku nne Mama alikuwa bado anajipimia kwa mazoea ya vifungo, elfu moja na mia tatu, elfu moja na mia nne, kama mtu asiyeamini zawadi. Ya tano: BASI. Ya sita: BASI. Ya saba, nane, tisa, elfu mbili, elfu mbili na mia tatu, BASI, BASI, BASI, ukurasa mzima wa neno moja ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Mdogo aliyasoma yote kwa sauti. Hakuruka hata moja. Dada alikuwa amemshika mkono, na kwa kila neno alikiona kitabu kikiwa kimejifunga juu ya kidole chake.

Siku ya thelathini na saba: BASI.

Siku ya thelathini na nane, uji mia mbili, chai mia mbili na hamsini, jumla mia nne na hamsini. Sauti ilimwishia mdogo hapo, na dada akainama kusoma kwa niaba yake.

BADO, programu ilisema. Na safari hii ilikuwa imehesabu sawasawa.

Walikaa hapo mpaka mlinzi alipopita akigonga milango. Mdogo alivirudisha vifungo kwenye kopo kimoja kimoja, akivihesabu kimyakimya, na vilikuwa kumi na vinne badala ya kumi na vitano. Wakainama wote wawili, wakatafuta chini ya meza, chini ya viti, nyuma ya Bi Harusi. Kifungo hakikuonekana.